Baba anataka kusaini wasia Jumamosi, mimi nikisoma naona mashimo tu

Shikamoo dada. Mimi niko Malindi, ni binti wa tatu kwa baba. Mzee ana miaka 74, akili timamu kabisa, na ameamua kuandika wasia. Binamu yangu mwalimu ndo amemwandikia, Jumamosi mzee anataka kusaini nyumbani alafu chifu agonge muhuri. Tuko sita kwa mama, wasichana watatu wavulana watatu. Kuna mama mdogo Marereni ana watoto watatu, msichana mmoja na wavulana wawili. Drafti yenyewe imesema hivi:

"Nyumba ya Muyeye namwachia Kazungu. Minazi ya Ganda wagawane wasichana. Pesa za benki zitumike kwa mahitaji ya mama yenu, kitakachobaki watoto wagawane. Wasimamizi ni wanangu wote wakisaidiana na mzee wa kijiji."

Chini kuna sahihi ya baba na nafasi ya shahidi mmoja, atakuwa shemeji yangu, mume wa dada mkubwa. Sisi tuna Kazungu wawili, kaka yangu na mtoto wa kaka yangu mwingine. Mzee amekubali twende kwa wakili lakini baadaye, akishasaini. Mimi nataka kujua hii karatasi niisomeje kabla hatujaenda, manake sitaki kumkasirisha baba na pia sitaki tuje tugombane.

Binti wa Ganda

*

Marahaba mdogo wangu.

Kitu cha kwanza, hio Jumamosi isogezwe. Mwambie baba wakili kwanza, sahihi baadaye, sababu drafti ikiwa haijasainiwa ni karatasi tu na kila neno linabadilika bila gharama, lakini ikishasainiwa vibaya kuna mtu ataificha akiamini ni wasia kamili na siku ya siku ndo mtajua. Kama mzee anaogopa kwamba anaweza kuondoka kabla ya wakili, hio hofu ni ya haki na usiidharau, mtafutie siku ya wiki ijayo tu badala ya kumwambia "tutaona".

Na kabla sijafika kwa maneno yenyewe nataka ushike hili moja, wewe ni mrithi kwenye hio karatasi. Kwa hivyo usishike pen ukarekebisha hata koma moja. Sheria ya urithi ya Kenya, sura ya 160, inasema wasia au sehemu ya wasia iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kumlazimisha mtu, ama kwa kumsumbua mpaka hiari yake ikaisha, ni batili. Nimechapa wasia kibao nikiwa kwa ofisi ya wakili hapa pwani na nakwambia, kesi nyingi za kupinga zinaanza na mtu kusema "huyu dada ndo alikuwa anaandika andika". Wewe chukua karatasi nyingine tofauti, andika maswali peke yake. Baba ndo ajibu, kwa mdomo wake, ikiwezekana mbele ya wakili na nyinyi watoto mkiwa nje mkinywa chai. Wakili mzuri atawatoa nje mwenyewe, asipowatoa ombeni.

Sasa tuingie kwa drafti.

Mimi huwa nasoma wasia nikijifanya mgeni kabisa. Yaani nasoma kila mstari nikijiuliza, karani wa korti ambaye hajawahi kukanyaga Ganda, hamjui mzee wala watoto, na mzee mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa, je ataweza kuonyesha kidole hiki ni cha huyu? Akikwama hata sekunde, hapo pana shimo. Baba akiwa hai kila mtu nyumbani anaelewa anachomaanisha na ndo maana familia huwa hazioni shida, mnaisoma na sauti yake masikioni mwenu.

Mstari wa Muyeye. Kazungu umeshaona mwenyewe. Hii kwetu huku ni shida ya kila nyumba manake tunawapa watoto majina ya wazee, kwa hivyo jina moja linazunguka kwa ukoo mzima, baba mdogo Kazungu, mtoto Kazungu, mjukuu Kazungu. Dawa yake ni rahisi, jina kamili kama lilivyo kwa kitambulisho, nambari ya kitambulisho, na uhusiano wake na mzee, "mwanangu" au "mjukuu wangu, mtoto wa fulani". Kama ni mjukuu na bado hana kitambulisho basi nambari ya cheti cha kuzaliwa. Na kama ni mtoto mdogo hapo kuna swali jingine, nani atamshikia hio nyumba mpaka afike miaka 18, hilo lazima wakili aliandikie.

Lakini mimi ule mstari unanisumbua zaidi kwa neno "nyumba". Malindi si Nairobi, hapa mtu anaweza kuwa na nyumba na ardhi iliyo chini yake si yake. Unajua wenyewe, kuna mitaa mtu amejenga miaka 30 na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Sasa swali kwa baba ni, ile ya Muyeye ana taito? Kama anayo, iko kwa jina lake? Omba mtazame taito yenyewe kwa macho, si kuambiwa "iko kwa sanduku", alafu kabla ya wakili fanyeni sachi rasmi kwa ofisi ya ardhi ili mjue jina lililo kwa rejista ni la nani na kama kuna mkopo au zuio. Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu na kila moja inabadilisha mstari. Kama ardhi ni yake, mstari uandikwe nambari ya ploti kama ilivyo kwa taito, herufi kwa herufi, na useme ardhi pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Kama ana nyumba bila ardhi, basi aseme hivyo, anaacha nyumba na haki zake kwa makubaliano na mwenye kiwanja, na yale makubaliano yatafutwe hata kama ni risiti za zamani za kodi. Na kama taito bado ina jina la babu yenu, hapo msimame kabisa, sababu mtu anaachia mali ambayo yeye mwenyewe ana uwezo wa kuitoa kisheria, na ardhi ya babu ambayo urithi wake haukuwahi kufunguliwa kortini bado ni ya warithi wote wa babu, baba zenu wadogo na mashangazi wakiwemo. Hii ya tatu nimeiona mara nyingi kuliko unavyofikiria, mzee amelima pale maisha yake yote na kwa moyo wake ni yake, na kwa rejista si yake.

Sasa minazi. Hapa ndo naomba ukae na mimi kidogo.

"Minazi ya Ganda wagawane wasichana." Soma kama yule mgeni. Minazi ni miti au ni shamba? Kwetu pwani hili si swali la kijinga hata kidogo, kuna watu wana minazi kwa shamba la mtu mwingine tangu enzi za mababu, mwenye mti ana mti na mwenye ardhi ana ardhi, na mgemaji analipa mwenye mti. Mzee akisema minazi mimi naamini kwa moyo wake anamaanisha shamba zima, ndivyo watu wa umri wake wanavyosema, "naenda kwa minazi yangu". Lakini kortini ndugu yenu mmoja akileta wakili, atasema baba alijua tofauti ya mti na ardhi, angetaka ardhi angesema ardhi. Na hio hoja si ya kuchekwa.

Fuata mpaka mwisho uone inafika wapi. Tuseme imeamuliwa ni miti tu. Ardhi iliyo chini haikutajwa mahali pengine popote kwenye drafti, na hakuna mstari wa kusema "mali yangu nyingine yoyote ambayo sijaitaja iende kwa fulani". Mali ambayo wasia haukuigusa, sheria inaichukulia kama mzee hakuandika wasia kwa hio mali. Kwa hivyo ardhi ya Ganda inagawanywa kwa familia yote, nyumba mbili zote, na nyinyi wasichana mnabaki na minazi juu ya ardhi ambayo nusu ya wenyewe wanataka kuiuza kwa mtu wa ploti. Mnunuzi akileta tingatinga, urithi wenu umeisha siku moja. Hayo yote yanatoka kwa neno moja ambalo baba angelirekebisha kwa dakika moja akiulizwa.

Alafu "wasichana". Wasichana gani? Nyinyi watatu wa mama yako, au wanne pamoja na yule wa Marereni? Wajukuu wa kike je, manake mzee wa miaka 74 akisema "wasichana wangu" mara nyingi anahesabu na wajukuu. Na mmoja wenu akitangulia kabla ya baba, Mungu apishe mbali, fungu lake linaenda kwa watoto wake au linarudi kwa waliobaki? Sheria ina kanuni zake za kujaza hapo lakini si lazima ziwe ndivyo baba anavyotaka, kwa hivyo ni bora aseme mwenyewe. Na "wagawane" ni sawa kwa sawa, au mkubwa zaidi?

Kwa hivyo karatasi yako ya maswali hapo iandike hivi, kwa lugha ya heshima: "Baba, kwa Ganda unatuachia shamba lenyewe na kila kilicho juu yake, ama ni miti peke yake? Unaowataja ni kina nani kwa majina? Ni mafungu sawa?" Hayo matatu tu. Akishajibu, wakili ataandika kitu kinachofanana na hiki: "Shamba langu lililoko Ganda, nambari ya taito kadha, yaani ardhi pamoja na minazi, mikorosho na kila kilichopandwa au kujengwa juu yake, nawaachia mabinti zangu" na majina yote na vitambulisho, "kwa mafungu sawa". Ona vile mgeni sasa hana cha kuuliza. Nimekuandikia mfano ili ujue ukiuona uko sawa, usimpelekee baba asaini.

Mstari wa pesa nao una "mama yenu". Kwa nyumba yenye wake wawili hilo neno peke yake ni kesi. Halafu "mahitaji" ni nini, chakula na dawa, au hata kujenga? Nani anaamua, mpaka lini, na wale watoto wa "kitakachobaki" ni sita ama tisa? Sitazama sana hapa, muulize tu baba anataka mama apewe pesa zenyewe ziwe zake moja kwa moja, au zikae zimeshikwa na mtu amlipie. Ni vitu viwili tofauti kabisa kisheria, cha pili kinahitaji mtu wa kushika na kutoa hesabu.

Kuhusu Marereni niseme wazi ingawa hukuniuliza. Hakuna mahali kwenye drafti mama mdogo na wanawe wametajwa kwa uwazi. Baba ana uhuru wa kugawa anavyotaka, lakini kifungu cha 26 cha sheria hio kinaruhusu mtegemezi ambaye hakuachiwa cha kutosha aende kortini kuomba apewe, na kifungu cha 29 kinaweka mke, wake na watoto kwenye wategemezi, watoto wawe walikuwa wanalishwa na mzee wakati huo au hapana. Wanaweza kuomba hilo mpaka pale hati ya korti ya kugawa mali itakapothibitishwa. Kwa hivyo kuwaacha kimya si ulinzi kwenu, ni kuacha mlango wazi. Kama baba tayari aliwapa kitu, tuseme aliwajengea kule Marereni, aandike kwa wasia kwamba aliwapa nini na lini na ndo sababu hapa wamepata hiki. Korti ikiamua maombi kama hayo inaangalia na vile marehemu aliwapa akiwa hai, na sababu zake pia kama zinajulikana.

Haya, mashahidi. Hapa ndo drafti yenu ingekufa kabisa.

Kifungu cha 11 kinataka mashahidi wawili au zaidi. Mmoja hatoshi, hata awe nani. Kila shahidi lazima awe amemwona mzee akitia sahihi au alama ya kidole, au mzee amwambie mwenyewe kwamba hii sahihi ni yangu, alafu shahidi atie sahihi yake mbele ya mzee. Si lazima mashahidi wote wawe chumbani wakati mmoja lakini fanyeni wawe pamoja, inaondoa maneno. Si lazima pia wasome yaliyomo, watu wengi hawajui hili na wanaogopa kuita jirani wakidhani atajua mali yote. Jirani anashuhudia sahihi, si mgao.

Muhuri wa chifu haujazi hio nafasi. Sheria haiutaki na hauongezi nguvu yoyote, chifu anaweza kuwa shahidi kama mtu mzima mwingine yeyote mwenye akili timamu, aone mzee akisaini na asaini yeye mwenyewe kwa jina lake, lakini kupelekewa karatasi ofisini Jumatatu akagonga muhuri bila kumwona mzee si ushahidi.

Ikisainiwa na shahidi mmoja, nini kinatokea? Wasia wote hauna nguvu. Baba anahesabiwa kama hakuandika chochote, na kwa mtu mwenye wake wawili kifungu cha 40 kinasema mali inagawanywa kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na mke aliye hai anahesabiwa kama mmoja zaidi. Kwenu hio ni watoto sita na mama, saba, na Marereni watoto watatu na mama mdogo, wanne. Jumla 11. Nyumba yenu inapata mafungu saba kati ya 11 na ya Marereni manne, kwa mali yote, Muyeye na Ganda na benki pamoja. Sisemi huo ni mgao mbaya, pengine wengine wataona ni haki zaidi. Nasema si ule baba aliokaa akaufikiria.

Sasa shemeji yako. Mnamwamini na najua mzee amemchagua kwa heshima, lakini kifungu cha 13 kinasema anachoachiwa shahidi, au mke au mume wa shahidi, ni batili. Dada yako mkubwa ni mmoja wa wasichana wa minazi. Mumewe akisaini kama shahidi, wasia wenyewe unaweza kusimama ukiwa na mashahidi wawili, ila fungu la dada linaanguka. Yaani baba atakuwa amemheshimu mkwe na kumnyima binti kwa sahihi moja, bila yeyote kujua. Kuna njia moja ya kuokoa, kama wapo mashahidi wengine wawili zaidi, wazima, ambao wao wala wake au waume zao hawajaachiwa kitu, wamesaini pia, basi fungu la dada linabaki salama. Lakini kwa nini mjipitishe huko. Shemeji aandae chai, mashahidi watafutwe kwingine.

Watafute watu wawili wadogo kwa umri kuliko baba, wanaopatikana, wasio kwenye mgao na wenzi wao pia hawamo, mfano jirani na mwalimu wa shule ya karibu. Umri nausema kwa sababu, korti ikiwa na shaka na namna wasia ulivyosainiwa inaweza kutaka kiapo cha shahidi, na shahidi wa miaka 80 anaweza asiwepo wakati huo. Waandike majina kamili, nambari za vitambulisho, wanakoishi na tarehe. Kama macho ya baba yamechoka, au ataweka kidole badala ya sahihi, iandikwe pale chini kwamba alisomewa wasia wote kwa lugha anayoielewa akakubali ndipo akaweka. Kama anaelewa zaidi kwa Kigiriama basi asomewe Kigiriama na iandikwe hivyo.

Wasimamizi wa wasia. "Wanangu wote" kwa nyumba yenu ni watu tisa, ama sita, hata hapo hatujui. Korti haitoi hati ya kusimamia mali moja kwa zaidi ya watu wanne, kifungu cha 56. Kwa hivyo siku ya kwanza tu kazi itakuwa kugombania nani wanne, na pale wanapopishana hakuna anayeweza kusaini kitu. "Wakisaidiana na" pia sijui ni nini, yule mzee wa kijiji ana sauti sawa na nyinyi au anatoa ushauri tu? Na mzee wa kijiji yupi, wa leo au atakayekuwepo miaka 15 ijayo? Cheo si mtu. Kama baba anamtaka yule mzee wa sasa kama rafiki yake, amwandike kwa jina.

Mimi napendelea wawili, na mmoja wa akiba. Wawili wanachungana, na wa akiba anaingia mmoja akifa au akikataa, manake mtu anaweza kukataa na hakuna wa kumlazimisha, kwa hivyo baba awaulize kabla hajawaandika. Kwa nyumba kama yenu mmoja kutoka kila upande ingetuliza mioyo mingi, ila hilo ni la baba. Awe mtu anayekaa nchini, sio kaka aliye Qatar hata kama ndiye mwenye pesa, kuna viapo na fomu za kusaini na kila safari karatasi zikimfuata huko mnakaa mwaka. Na ajue kazi yenyewe, kulipia mazishi na madeni kwanza, kukusanya mali, kwenda kortini kuchukua hati, kutoa hesabu, na kwamba ardhi haiuzwi kabla hati haijathibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huo unasubiri miezi sita tangu hati kutolewa. Msimamizi anayedhani kuwa msimamizi ni kuwa mwenye mali, huyo muepukeni.

Watu huniuliza kama mrithi anaweza kuwa msimamizi. Anaweza, bila shida. Hata kuwa msimamizi na pia shahidi inaruhusiwa, kinachokatazwa ni shahidi kupokea. Na ikitokea wasia mzuri hauna msimamizi anayefaa, wasia haufi kwa hilo, korti inaweza kumpa mtu mwingine hati ya kusimamia mali huku wasia ukiwa umeambatishwa. Ni safari ndefu zaidi tu. Kwa hivyo ukitaka kujua ugonjwa upi ni mkubwa kwenye drafti yenu, mashahidi ndo unaoua, maneno ya Ganda na Muyeye ndo yanayoleta vita, wasimamizi ndo wanaochelewesha.

Kwa wasomaji wangu Waislamu wa Malindi na Lamu mnaosoma hapa, msichukue haya mkayapeleka kwenu kama yalivyo. Mirathi ya Muislamu inafuata sharia ya Kiislamu, wasia haupiti thuluthi ya mali na hauendi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie, na mlango wenu ni kwa kadhi. Ila ile ya kusoma kama mgeni, jina gani, shamba gani, miti au ardhi, hio inawahusu sawasawa.

Siku ya kwenda kwa wakili beba hivi: drafti kama ilivyo bila kuandikwa juu, ile karatasi yako ya maswali, kopi za taito na majibu ya sachi, kopi ya kitambulisho cha baba na majina kamili ya watoto wote tisa na wake wawili, na wasia wowote wa zamani kama upo, hata ule wa kuandikwa kwa daftari, ili mpya useme wazi kwamba unafuta wa nyuma. Kama mzee huwa anawaambia kwa mdomo "Ganda ni ya wasichana, mmesikia wote", mjue wasia wa mdomo unakubalika tu ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na aliyesema akafariki ndani ya miezi mitatu, kwa hivyo yale ya sebuleni Krismasi msiyategemee.

Na ukishasainiwa, asiuguse mtu na pen. Baba akibadilisha mawazo kuhusu Muyeye mwaka ujao, akakata jina kwa juu na kuandika jingine, hilo badiliko halina nguvu mpaka alisaini tena na mashahidi wawili walisaini, sheria ileile. Arudi kwa wakili achapiwe upya. Orijino ikae mahali ambapo wasimamizi wote wawili wanapajua, nyinyi wengine mpewe kopi kama baba atapenda, na kama hapendi pia ni haki yake.